Aliyeondoka Mapema Huenda Amesoma

Tuseme makala ya namna ya kuomba pasipoti imefunguliwa mtandaoni mara 1,000, na mara 800 msomaji akaondoka bila kufungua ukurasa mwingine. Mhariri mwenye haraka atasema imeshindwa.

Google Analytics ya zamani, ambayo kwa watumiaji wengi iliacha kupokea takwimu mpya Julai 2023, ingemuunga mkono: aliyesoma ukurasa mmoja tu kwa kawaida aliandikiwa sekunde sifuri, hata akisoma dakika sita. GA4 haina pupa hiyo. Anayehesabiwa kuwa amekimbia ni yule asiyezidisha sekunde 10, asiyefungua ukurasa wa pili wala kutimiza tendo lililolengwa.

Mtego uko kwenye kushuka. GA4 yenyewe hurekodi msomaji anapofika asilimia 90 ya urefu wa ukurasa, pamoja na matangazo yaliyo chini, hivyo aliyemaliza makala anaweza asihesabiwe. Afadhali kuongeza alama za asilimia 25, 50 na 75.

Sasa, kati ya wale 800, iwapo 300 walibofya kiungo cha fomu ya maombi, makala imefanya kazi. Lakini kubofya huko kusipowekwa kuwa tendo lililolengwa, ripoti haitakuhesabu kama mafanikio.