Pushapu: Daraja Kati ya Magoti na Vidole

Wapo wengi wanaopiga pushapu 20 za magoti bila shida, lakini wakinyoosha miguu na kukanyagia vidole, hata moja haitimii. Mtu anashuka nusu, kiuno kinazama, tumbo linatangulia kufika chini kabla ya kifua. Huona kwamba hajazoea vya kutosha, akaongeza zile za magoti hadi 30, kisha 40. Miezi inapita na pushapu kamili bado haijapatikana.

Tatizo lake linapimika. Weka chini mizani ya kupimia uzito wa mwili, tia viganja vyote viwili juu yake, nyoosha mikono kwa mkao wa pushapu za magoti, na umwombe mtu akusomee. Mizani itaonyesha karibu nusu ya uzito wako. Sasa nyoosha miguu ukanyagie vidole: inapanda hadi karibu theluthi mbili. Kwa mtu wa kilo 70, mikono inabeba kilo 34 hivi akiwa magotini, na kilo 45 hivi akiwa kwenye vidole. Namba hubadilika kidogo kwa maumbile ya mtu, na mzigo huongezeka kadiri kifua kinavyoshuka, lakini pengo ndilo hilo: kilo 11 kwa mkupuo, karibu theluthi moja ya mzigo aliouzoea. Hakuna mwalimu wa kunyanyua vyuma mwenye akili timamu angemwongezea mwanafunzi wake chuma kiasi hicho kwa siku moja.

Na uzito ni nusu tu ya habari. Ukipiga magoti, mwili unaotakiwa kukaa umenyooka ni ule wa kuanzia magotini hadi mabegani. Ukikanyagia vidole, unarefuka, na tumbo na makalio ndiyo yanayouzuia usilegee katikati. Misuli hiyo haikupata kazi ya maana wakati wa pushapu za magoti. Ndiyo maana wengi hushindwa kiuno kabla ya kushindwa mikono, ila wao wenyewe hulaumu mikono.

Kwa hiyo mimi simwambii mtu aongeze idadi magotini. Nampeleka kwenye ngazi za nyumba. Ukiweka mikono mahali pa juu na miguu ikabaki chini imenyooka, mzigo unapungua lakini mwili unabaki na urefu wake wote. Mikono ikiwa sentimita 60 juu ya sakafu, yule mtu wa kilo 70 anabeba kilo 29 hivi, pungufu hata ya magoti. Ikiwa sentimita 30, anabeba kama kilo 38 au 39, yaani karibu katikati ya lile pengo. Kidato cha ngazi za kawaida kina kimo cha sentimita 15 hadi 18, kwa hiyo kidato cha nne kiko karibu na zile 60, cha pili karibu na 30, na cha kwanza ndicho cha mwisho kabla ya sakafu. Asiye na ngazi atumie meza nzito, kisha kitanda, kisha benchi fupi, mradi kitu kisiteleze.

Mtu wetu wa kilo 70 aanze kidato cha nne. Apige seti 3 za pushapu 8, apumzike dakika 2 kati ya seti, na kila seti aiache akiwa bado na uwezo wa kupiga moja au mbili safi. Afanye hivyo siku 3 kwa wiki, siku ya kupumzika ikiwa katikati. Akifikisha 12 katika seti zote 3, ashuke kidato kimoja na arudi kwenye 8. Kidato cha kwanza ndicho huchelewesha watu, na si ajabu mtu akakaa hapo wiki kadhaa.

Usafi wa pushapu unajulikana hivi. Mlazie mtu mpini wa ufagio mgongoni: uguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa mkia, kutoka mwanzo hadi mwisho wa pushapu. Mpini ukiachana na mkia au kisogo, ama kiuno kimezama ama kidevu kimetangulia kutafuta sakafu, na pushapu hiyo haihesabiwi. Viwiko navyo visitanuke kama herufi T. Vielekee nyuma, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kutoka mbavuni. Vikitanuka, bega hubanwa kwa mbele, na dalili yake ni mchomo mkali sehemu moja, tofauti na uchovu unaosambaa kifuani na nyuma ya mkono. Uchovu ni wa kuvumiliwa, mchomo ni wa kusimamisha zoezi. Ukifika juu, usiishie mikono ilipojinyoosha. Sukuma tena kidogo hadi mabapa ya mabega yaachane.

Magoti bado yana kazi moja nzuri. Misuli hustahimili mzigo mkubwa zaidi inaposhuka kuliko inaposukuma. Basi anza juu ukiwa kwenye vidole, shuka kwa sekunde 4 au 5 bila kulegea, ukifika chini weka magoti, kisha jisukume juu kwa magoti. Seti 2 za 5 mwishoni mwa zoezi la ngazi zinatosha. Sekunde zikianza kukukimbia, ukajikuta umeanguka badala ya kushuka, ishia hapo.

Pushapu kamili zikipatikana, kishawishi ni kuhesabu: 30, 50, 100. Hizo hujenga pumzi ya misuli zaidi kuliko nguvu. Ukifikisha kama 20 safi, ni heri ubadilishe mkao. Miguu ikipandishwa kwenye kiti cha sentimita 60, mikono inapokea karibu robo tatu ya uzito, kilo 52 kwa mtu wetu, na kazi inahamia zaidi mabegani na kifua cha juu. Viganja vikisogezwa karibu chini ya kifua, kazi inaenda nyuma ya mkono. Hapo vifundo vya mikono hulalamika, na mwenye kuumia atenganishe viganja kidogo au apige kwa ngumi juu ya kitambaa kilichokunjwa.

Baada ya hapo mzigo huongezwa kwa kuelemea upande mmoja. Tanua mikono sana, shuka kuelekea mkono wa kulia huku wa kushoto ukibaki umenyooka ukisaidia kidogo, kisha ubadili. Ukiweza 8 kila upande, rudi kwenye kidato cha nne, safari hii kwa mkono mmoja. Katika pushapu ya kawaida kila mkono wa mtu wetu unabeba kilo 22 au 23. Sasa, kwenye kidato cha nne, mmoja unabeba zile kilo 29 peke yake, na mwili unataka kupinduka upande usio na nguzo. Tanua miguu kupita upana wa mabega, kaza makalio, na ulitazame bega lililo huru: likianza kugeukia juu, kidato ulichochagua bado ni kigumu, panda kimoja.

Kuna kisichopatikana kwa njia hii yote, nacho ni kuvuta. Anayesukuma tu, misuli yake ya kifua huzidi nguvu ile ya mgongo, mabega yakaja mbele. Kwa kila seti ya pushapu, lala chini ya meza imara, shika ukingo wake, nyoosha mwili na uvute kifua kuufuata ubao. Zoezi likiwa zito, kunja magoti na kanyaga sakafu. Likiwa jepesi, nyoosha miguu na uitupe mbele zaidi.