Baba mdogo ndiye aliyetia sahihi: utamwagaje fundi?

"Mimi nilipatana na baba yako mdogo, sikupatana na wewe. Nenda umlete yeye."

Hilo ndilo jibu ambalo mwanagenzi hupewa anapomwendea fundi wake na kumwambia kwamba anataka kuondoka. Hunyamaza, akarudi kwenye randa na msumeno, kwa maana fundi ni mtu mzima na karatasi iko sandukuni mwake. Lakini je, karatasi hiyo inasema nini hasa, na inamfunga nani?

Ili tuelewane, msomaji, tuchukue kisa cha kubuni, ila kila kilichomo chaweza kutokea kesho katika ufuo wowote wa Ziwa Viktoria. Kijana mmoja wa mji wa Homa Bay alifiwa na babake. Mamake ni mchuuzi wa samaki. Alipotimiza miaka 16, baba yake mdogo alimpeleka Sori, upande wa Karungu katika Kaunti ya Migori, kwa fundi wa kuunda mashua. Wakaandika mapatano ukurasa mmoja: kijana atajifunza kwa miezi 36, karo ni Sh30,000, atakula na kulala kwa fundi, na akiondoka kabla ya muda "mlezi atalipa gharama zote Sh60,000". Baba mdogo akatia sahihi, fundi akatia yake, mzee wa kijiji akashuhudia. Nusu ya karo ikatolewa siku hiyo. Kijana mwenyewe hakuulizwa kitu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Alijifunza kuchagua mbao, kulaza mkuku, kupanga mataruma na kukalafati kwa pamba ili maji yasipenye. Halafu wateja wakapungua. Fundi, ambaye pia ana mashua yake mwenyewe, akaanza kumtuma usiku kuvua omena kwa taa. Anavua hadi alfajiri, mchana analala, na tezo inashika kutu. Sasa ana miaka 18 na miezi mitano, ametumikia miezi 26, na mwaka huu wote hajaunda hata mashua moja. Anataka kwenda.

Jambo la kwanza ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Sahihi ya mlezi hufanya kazi mbili. Kwanza, ni idhini: mtoto hajatimiza miaka 18, umri wa utu uzima nchini Kenya, kwa hiyo mkubwa wake anamruhusu akae kwa fundi. Pili, ni ahadi ya fedha: mlezi anasema, mimi nitalipa karo. Idhini haimfanyi kijana kuwa rehani. Akishatimiza miaka 18 hahitaji idhini ya mtu ili aende au abaki. Uamuzi ni wake. Ahadi ya fedha, kwa upande mwingine, hubaki mabegani mwa yule aliyeitoa. Fundi akiwa na dai la karo, dai hilo ni la baba mdogo. Hawezi kulikamua kwa kumzuilia kijana nguo zake, cheti chake cha shule au kitambulisho. Hata baba mdogo akifariki, deni huangukia mali aliyoiacha wala si mwili wa mpwa wake.

Na kama kijana bado ana miaka 16 au 17? Hapo mkubwa wake ndiye wa kusema naye. Lakini ni mkubwa yupi? Katika kisa chetu mama yu hai, na kisheria yeye ndiye mwenye jukumu la mzazi. Shemeji yake alitia sahihi kwa nia njema, kama ilivyo desturi, ila mama akikataa mwanawe asivue usiku, neno lake lina uzito kuliko la aliyetia sahihi. Mama wengi hawalijui hili. Huketi kimya nyuma ya nyumba wakati wanaume wanajadili mtoto wao sebuleni.

Jambo la pili ni kujua ni mkataba wa aina gani. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, inataka mkataba wa mwanagenzi uandikwe na kusajiliwa. Kazi hiyo husimamiwa na mamlaka ya NITA, iliyochukua nafasi ya idara ya zamani baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2011. Mkataba uliosajiliwa huko hauachwi kimyakimya. Pande zote hupeleka shauri NITA. Karatasi ya Sori, kama nyingi za mafundi wa jua kali, haikusajiliwa popote. Hiyo ni mapatano ya watu wawili tu, na nguvu yake hupimwa kwa sheria ya kawaida ya mikataba.

Sheria hiyo tuliirithi kutoka Uingereza, na humo mna kesi moja ya zamani ambayo inafaa kusimuliwa hapa. Msichana wa miaka 14 aliwekwa kwa mwalimu wa kucheza dansi jukwaani kwa miaka saba, mamake akitia sahihi. Hangeolewa katika muda huo, hangefanya kazi kwingine bila ruhusa, na asingelipwa ila pale mwalimu alipomtafutia kazi, ilhali mwalimu hakulazimika kumtafutia. Mwalimu angeweza hata kumpeleka ng'ambo. Msichana akaenda kucheza kwa Barnum, yule Mwamerika mwenye sarakasi, na mwalimu akashtaki. Katika kesi hiyo ya De Francesco dhidi ya Barnum, mwaka 1890, jaji aliutazama mkataba mzima, akaona kwamba ulimpa mwalimu kila kitu na msichana karibu hakupewa chochote, akakataa kuutekeleza. Kipimo ni hicho hadi leo: je, mkataba huu, ukichukuliwa wote kwa pamoja, unamfaidi mtoto?

Kwa hiyo fundi anayefundisha kweli ana mkataba wenye nguvu, hata kama ni mkali kidogo. Tusimwonee. Fundi wa mashua huharibikiwa na mbao na misumari mikononi mwa mwanafunzi, na huambulia faida mwaka wa mwisho, kijana anapoanza kuwa na mkono. Kijana anayetoroka mwezi wa 30 kwa sababu ameona pikipiki ya rafiki yake hana hoja. Lakini fundi aliyegeuza mwanafunzi kuwa mvuvi amekwisha kuvunja ahadi yake mwenyewe. Na kama alimtuma ziwani kabla hajatimiza miaka 18, ana shida kubwa zaidi: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 12 na nusu asubuhi.

Sheria hiyo hiyo ina neno jingine ambalo wengi hawalijui. Inapoeleza maana ya mwajiriwa, inamtaja mwanagenzi pia. Ndiyo sababu kijana anaweza kumwendea afisa wa leba, na si chifu peke yake. Fundi atabisha kwamba hakumlipa mshahara, bali yeye ndiye aliyelipwa karo, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kama alikuwa akimpa chochote kwa samaki waliovuliwa, hoja inadhoofika. Kwa hiyo kijana aandike tarehe na kiasi cha kila alichopewa. Asikawie sana, kwani madai ya ajira hayapokelewi baada ya miaka 3, na anayeendelea kukaa muda mrefu baada ya kutimiza miaka 18 huonekana ameyakubali mapatano kuwa yake.

Sasa kuondoka kwenyewe. Kijana aanze nyumbani. Amwambie baba mdogo kabla ya kumwambia fundi, maana jina lililoko kwenye karatasi ni lake, na akisikia habari stendi ya matatu atakasirika kwa haki. Baba mdogo atauliza swali moja: nitalipa ngapi? Kijana afike na jibu.

Karo Sh30,000 kwa miezi 36. Ametumikia 26. Sehemu ya miezi hiyo ni Sh30,000 mara 26, gawanya kwa 36, yaani karibu Sh21,700. Zimelipwa Sh15,000. Zinabaki kama Sh6,700. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho familia inaweza kukubali bila kuona haya, na inaweza kuomba kipunguzwe kwa miezi ya uvuvi ambayo hapakuwa na mafunzo. Zile Sh60,000 ni hadithi nyingine. Mahakama haitekelezi faini iliyowekwa kwa kutisha tu. Fundi atalazimika kuonyesha kwamba ilikadiria hasara yake ya kweli. Chakula alichokula kijana alikilipa kwa kazi.

Kisha iandikwe barua, nakala mbili. Ajira inayolipwa kwa mwezi huachwa kwa notisi ya siku 28, na hata kama hapakuwa na mshahara, muda huo ni wa heshima. Yaweza kuwa fupi hivi:

"Jaduong, nakusalimu. Nilikuja kwako nikiwa na miaka 16, na uliyonifundisha nayashukuru. Sasa nimetimiza miaka 18. Tangu mwaka huu uanze sijafundishwa kuunda mashua, bali nimekuwa nikivua. Nitaondoka baada ya siku 28 tangu leo. Baba mdogo atakuja tuzungumze juu ya karo iliyobaki. Naomba pia cheti cha utumishi."

Cheti hicho si hisani. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe anayeondoka karatasi inayotaja majina ya wote wawili, kazi iliyofanywa na mahali pake, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, mradi alifanya kazi wiki nne mfululizo. Hakimlazimishi amsifu, na kijana asigombane juu ya sifa. Tarehe zinatosha. Ufundi wenyewe utathibitishwa na mtihani wa serikali wa NITA. Useremala, kwa mfano, huanzia Gredi ya 3, na hauhitaji ruhusa ya fundi wa zamani kuufanya.

Siku ya kuzungumza, waende watatu: kijana, mama na baba mdogo. Anayefaa kuwapatanisha ni mwenyekiti wa BMU, kamati ya ufuo, kwani anazijua mashua na anajua nani alikuwa akivua usiku gani. Baba mdogo amsalimu fundi kwanza na kumshukuru. Hesabu ije baadaye. Wakiafikiana, iandikwe palepale: karo iliyobaki ni kiasi gani na italipwa lini na baba mdogo, fundi hana dai jingine kwa kijana, na vyombo alivyokuja navyo kijana vimerudishwa, kimoja kimoja kwa jina, tezo, patasi, keekee. Wote watie sahihi, na mara hii kijana naye atie yake. Ile karatasi ya kwanza ipigwe mstari mbele ya macho ya wote.

Wasipoafikiana, safari inayofuata ni kwa afisa wa leba. Wabebe nakala ya barua na daftari la tarehe.