Chungu Chenye Masizi Darasani

Mwalimu anayetaka kufundisha kwa vitu vya kushika, katika shule iliyo mbali na makumbusho, kwa kawaida hutafuta kwanza vitu vizuri: chungu kipya chenye nakshi, kikapu ambacho hakijabeba hata nazi moja, kinyago cha duka la watalii. Mimi ningemshauri aanze na kilichochakaa. Aende kwa bibi jirani aombe chungu kilichowekwa kando siku sufuria ilipoingia jikoni, kikiwa na masizi yake. Kisha aende kwa mfinyanzi akaombe vigae vya vyungu vilivyopasuka motoni, ambavyo hakuna anayevitaka. Chungu kipya kitawaonyesha wanafunzi namna kilivyotengenezwa. Kilichotumika kitawaonyesha hilo, na pia kazi kilizofanya kwa miaka, na ushahidi wa hayo yote uko juu yake.

Nachukua mfano wa Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kutoka huko hadi Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na shule ya msingi ya kawaida haiwezi kuwapeleka watoto huko. Lakini wilaya hiyo hiyo ina Wakisi, na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji cha ufukweni karibu na Matema, wanajulikana kwa ufinyanzi kote nyanda za juu za kusini. Vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi, hufika sokoni, kisha huenda Tukuyu na Mbeya. Mtoto wa huko amekua akiviona, na kwa sababu hiyo hajawahi kuvitazama. Kumfanya akitazame kitu alichokizoea ndiyo kazi ngumu ya somo hili.

Njia iliyonisaidia kuelewa hatua zake ni ya Jules Prown, profesa wa historia ya sanaa wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyeieleza mwaka 1982. Kwanza eleza kile tu kinachoonekana na kushikika. Pili, fikiri kitu hicho kinatumikaje na mkono unakikutaje. Tatu ndipo ukisie na kuuliza maswali ya kwenda kuyatafutia majibu. Mpangilio huo unaonekana mwepesi mpaka uujaribu na watoto. Ukiweka chungu mbele yao, mmoja atasema mara moja, “Chungu cha kupikia maharage!” na wengine wote watafunga macho yao hapo, kwa kuwa jibu limeshapatikana. Basi sharti la kwanza la kipindi ni kwamba kwa dakika kumi hakuna anayetaja jina la kitu wala kazi yake. Wanachora, wanapima na kuandika.

Tuseme darasa la tano lina wanafunzi 48. Chungu kimoja hakiwatoshi, na kukipitisha mkono kwa mkono ni kukiua. Wagawe makundi manane ya watoto sita. Makundi mawili yapate vyungu vizima, kimoja cha kupikia na kimoja cha maji. Makundi sita yapate vigae. Katikati ya kipindi wabadilishane kwa kuhama wao, vitu vibaki pale pale vilipo. Watoto wakae chini kwenye mkeka, chungu kiwe juu ya kanga iliyokunjwa, ili kikiponyoka kisiwe na pa kuangukia. Mikono ioshwe na kukaushwa kwanza. Chungu kishikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, kamwe kisinyanyuliwe kwa mdomo, maana mdomo ndipo kinapovunjika kwanza.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Uzi huzungushwa tumboni mwa chungu kisha hulazwa kwenye rula, mzani wa duka hutoa uzito, na kikombe cha nusu lita hutoa ujazo. Mtoto anayejaza chungu kikombe baada ya kikombe, huku akihesabu, hukutana na ujazo katika umbo ambalo kitabu cha hisabati hakina kanuni yake kwa darasa la tano. Kabla ya kumimina atabiri kwanza. Vyungu vyenye tumbo pana na shingo fupi huwashangaza karibu watu wote, kwa sababu jicho hupima urefu na kusahau upana.

Baada ya hapo yanakuja masizi. Waulize yameanzia wapi na yameishia wapi. Kwenye chungu cha mafiga yatakuwa mazito kuzunguka kitako na kupanda ubavuni, na mara nyingi utaona sehemu zilizokwaruzika pale mawe yalipogusa. Hapo mtoto anaweza kuhesabu mafiga ambayo hayapo chumbani. Ndani, tafuta mistari ya mwiko na alama ya kina cha chakula. Kisha uliza kwa nini kitako ni cha mviringo, ilhali sufuria ina kitako bapa. Wengi watasema ni kwa ajili ya kukaa kwenye mafiga, na ni kweli, lakini iko sababu nyingine: udongo uliochomwa hutanuka kwa joto, na penye kona kali sehemu moja hutanuka kwa namna tofauti na jirani yake, ufa ukaanzia hapo. Umbo la mviringo halina kona hiyo.

Kigae, kwa maoni yangu, kinafundisha kuliko chungu kizima, kwa sababu kinakuonyesha ndani ya ukuta wa chungu. Vunja kipande kwenye ukingo upate mvunjiko mpya, ukitazame juani. Utaona chembe za mchanga, au za vigae vya zamani vilivyotwangwa, ambazo mfinyanzi huchanganya makusudi. Udongo mtupu ulio laini mno husinyaa sana ukikauka na kupasuka. Mara nyingi utaona pia rangi tatu: wekundu nje, weusi katikati, wekundu tena ndani. Weusi ule ni kaboni ya mabaki ya mimea iliyokuwa kwenye udongo, ambayo haikuungua yote. Moto wa nyasi na kuni uliowashwa uwanjani hupanda haraka na kuzimika haraka, hewa haipati muda wa kufika katikati ya ukuta. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kukitazama kigae akasema chungu hiki hakikuchomwa kwenye tanuri kwa siku nzima, na akawa na sababu ya kusema hivyo. Ndivyo wanaakiolojia wanavyoanza kuvisoma vigae vya Kilwa na Shanga.

Chungu cha maji kinahitaji siku yake. Kilowekwe usiku kucha. Asubuhi, saa mbili, tia lita tatu ndani yake na lita tatu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, viwekwe kivulini penye upepo, na kipimajoto kisomwe kila saa hadi saa nane mchana. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Kila gramu moja inayogeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupoza gramu 100 za maji kwa karibu nyuzi 6, ingawa sehemu ya joto hilo hurudi kutoka hewani. Jaribio likifanywa wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, tofauti itakuwa ndogo na watoto watadhani wamekosea. Hawajakosea. Walirudie kiangazi na waweke matokeo yote mawili kwenye daftari. Chungu cha zamani ambacho hakipozi tena kwa kawaida vitundu vyake vimeziba kwa chumvi za maji au mafuta. Chungu cha kupikia, kwa upande wake, huzibwa makusudi kwa kupikiwa uji mzito mara ya kwanza, ili kisivuje.

Sasa mfinyanzi aje. Aje baada ya masomo hayo, darasa likiwa na maswali yake, na si mwanzoni. Akija kwanza, watoto watanakili anayosema. Akija wakishakisia, watamuuliza mama huyo mambo anayoyajua mwenyewe: mchanga anautoa wapi, anajuaje kwamba chungu kimekauka vya kutosha, kwa nini vingine hupasuka kwa kishindo motoni. (Ni unyevu uliobaki ndani ya ukuta, ukigeuka mvuke hauna pa kutokea.) Alipwe nauli na ujira wa siku, kwa kuwa ameacha kazi yake.

Sanduku la shule linaharibika zaidi kwa kukosa daftari kuliko kwa kuvunjika vitu. Mwalimu aliyekusanya huhamishwa, na mwenzake hukuta vyungu visivyo na habari. Kila kitu kifungiwe kibandiko cha karatasi ngumu kwa uzi wa pamba, chenye namba. Daftarini, mbele ya namba hiyo, yaandikwe jina la kitu kwa lugha ya wenyeji, aliyekitengeneza, kijiji, kilivyopatikana na bei yake, kilitumikaje, na nani aliyesema hayo, kwa idhini yake. Kitu kikivunjika darasani mtoto asiadhibiwe; vipande vinaingia kwenye fungu la vigae, na tarehe inaandikwa.

Yapo yasiyopaswa kuingia sandukuni. Vitu vya tambiko na vya jando na unyago vina wenyewe, na si kila mkono unaruhusiwa kuvigusa. Pembe za ndovu, ngozi za wanyamapori na magamba ya kasa vina sheria zake. Tanzania pia ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863 kuwa masalia yanayolindwa, na kuchimba bila kibali ni kosa. Vigae vilivyofukuliwa na mvua kwenye magofu viachwe hapo hapo, eneo litajwe kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya.

Ukiongeza vikapu, mikeka na vyombo vya mti, chunguza chini yake kila mwezi. Unga laini uliomwagika rafuni maana yake kuna mdudu anayetafuna ndani. Kitenge kitu hicho mara moja, kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na kama kuna muuza samaki mwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kikae humo wiki mbili, kisha kiyeyuke kikiwa bado kimefungwa. Usipulize dawa ya wadudu, kwani watoto wataishika kwa mikono yao.

Nawe msomaji, ukiwa na chungu cha mama au bibi kilichotupwa nyuma ya nyumba, usikisugue masizi kabla ya kukipeleka shuleni. Kipeleke kilivyo, pamoja na karatasi inayosema nani alikifinyanga, kilipika nini, na mwaka gani kilipumzishwa.