Karata 52 na Namba Zinazokaa Kwenye Duara

Chukua pakiti ya karata 52, bila majoka. Ikate katikati kabisa, 26 mkono huu na 26 mkono ule, kisha zipishe nusu hizo mbili karata moja moja, bila kuruka hata moja. Wanamazingaombwe huuita uchangaji huu faro, jina lililotokana na mchezo wa zamani wa karata. Ukizipisha kwa namna ambayo karata ya juu inabaki juu na ya chini inabaki chini, huo ni uchangaji wa nje. Fanya hivyo mara 8 bila kosa, na pakiti nzima itarudi katika mpangilio ulioanza nao.

Sasa badili kitu kimoja tu: nusu ya chini ndiyo itangulie, hivyo karata iliyokuwa juu ishuke na kuwa ya pili. Huu ni uchangaji wa ndani. Safari hii mara 8 hazitoshi, wala 20. Pakiti hairudi mpaka uchange mara 52.

Majina ya nje na ya ndani yaliletwa na Alex Elmsley, mwanamazingaombwe wa Uskoti aliyekuwa pia mtaalamu wa kompyuta. Mwaka 1983, Persi Diaconis, Ron Graham na William Kantor walichapisha makala ya hisabati kuhusu uchangaji huu kamilifu. Diaconis anaijua karata kwa vidole pia: aliondoka nyumbani akiwa na miaka 14 kumfuata mwanamazingaombwe Dai Vernon, na baadaye akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ninachotaka kueleza hapa ni kipande kimoja cha hisabati hiyo, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoonyesha wazi kuliko vyote kwa nini 8 ni 8 na 52 ni 52.

Tuzipe nafasi za pakiti namba, kuanzia 0 juu hadi 51 chini. Katika uchangaji wa nje, karata iliyo nafasi ya 1 inakwenda nafasi ya 2, ya 2 inakwenda ya 4, ya 4 inakwenda ya 8. Kanuni ni kuzidisha nafasi kwa 2, na jibu likizidi 51 unatoa 51. Ifuate karata iliyoanzia nafasi ya 1: inapita 2, 4, 8, 16, 32, kisha 64 ukitoa 51 ni 13, halafu 26, halafu 52 ukitoa 51 ni 1. Imerudi ilikotoka baada ya hatua 8. Nafasi hizo nane zimefunga mzunguko wao, na karata yoyote iliyomo humo haitoki kamwe.

Ukifuata nafasi zilizobaki kwa njia hiyo hiyo, utapata kwamba pakiti nzima inagawanyika hivi: mizunguko 6 yenye nafasi 8 kila mmoja, mzunguko mmoja wa nafasi 2, na nafasi mbili zisizohama kabisa, yaani 0 na 51. Jumla ni 48, na 2, na 2, ambayo ni 52. Ule mzunguko wa nafasi 2 ni wa 17 na 34, yaani karata ya 18 na ya 35 kutoka juu. Hizo hubadilishana nafasi kila unapochanga. Mtu anayejifunza faro anaweza kuzitumia kujipima: akichanga mara mbili na zisirudi zilipokuwa, ajue mkono umeteleza mahali fulani.

Mwanahisabati huandika uchangaji kama matriksi, yaani jedwali la mistari 52 na safu 52. Kila safu ina 1 moja tu, na kila mstari una 1 moja tu. Kwingine kote ni 0. Ile 1 inasema karata ya nafasi fulani inahamia wapi. Ukiandika namba 52 kwa kufuatana, moja kwa kila nafasi, na kuizidisha orodha hiyo kwa jedwali, namba zinahama kama karata zinavyohama. Hakuna inayokua wala inayopungua.

Hapo linakuja swali. Je, kuna orodha ya namba ambayo ukiichanga, unapata orodha ile ile ikiwa imezidishwa tu kwa namba moja? Namba hiyo ya kuzidishia huitwa thamani aigeni ya matriksi. Orodha yenyewe isiwe ya sifuri tupu, maana hiyo ingekubali jibu lolote.

Jaribu kwenye ule mzunguko wa 1, 2, 4, 8, 16, 32, 13, 26, na uweke sifuri kwenye nafasi nyingine zote. Andika 1 kwenye nafasi ya kwanza ya mzunguko, -1 kwenye ya pili, 1 kwenye ya tatu, na uendelee kupishanisha hivyo hadi ya nane, ambayo itapata -1. Changa mara moja. Kila namba inasogea hatua moja, hivyo palipokuwa na 1 sasa pana -1, na palipokuwa na -1 pana 1. Orodha yote imezidishwa kwa -1, kwa hiyo -1 ni thamani aigeni. Ukijaza 1 kila mahali, uchangaji haubadilishi kitu, na thamani yake ni 1.

Zipo nyingine? Tuite namba ya kuzidishia k. Kila hatua ya mzunguko inazidisha kwa k, na baada ya hatua 8 kila namba imerudi nafasi yake ya mwanzo, ikiwa vile vile ilivyokuwa. Kwa hiyo k ikizidishwa kwa yenyewe mara 8 lazima itoe 1. Sharti ni hilo moja, na namba zinazolitimiza ndizo vipeuo vya nane vya moja.

Kwa namba za kawaida ni mbili tu, 1 na -1. Kwa namba changamano ni nane. Ziwaze kwenye bapa lenye duara la nusukipenyo 1, katikati yake ikiwa sifuri. Namba 1 iko kulia kabisa, na kuzidisha kwa namba iliyo kwenye duara hilo maana yake ni kugeuka kwa pembe yake. Vipeuo vya nane vimetawanyika kwa umbali sawa, kila nyuzi 45: 1, kisha ile ya nyuzi 45, kisha i iliyo nyuzi 90, hadi mzunguko ukamilike. Ukigeuka nyuzi 45 mara 8, umegeuka nyuzi 360 na umerudi kwenye 1. Ukigeuka nyuzi 120 mara 8, unaishia kwenye nyuzi 240, si kwenye 1. Ndiyo maana vipeuo vya tatu vya moja, ukiiacha 1 yenyewe, havina nafasi katika mzunguko wa urefu wa 8.

Kila mzunguko wa pakiti huleta vipeuo vyake, na hesabu ya pakiti nzima ni kuvikusanya tu. Mizunguko 6 ya urefu wa 8 inaleta kila kipeuo cha nane mara 6. Mzunguko wa urefu wa 2 unaongeza 1 moja na -1 moja. Nafasi mbili zisizohama zinaongeza 1 mbili. Basi thamani 1 inatokea mara 9, thamani -1 inatokea mara 7, na zile sita zilizobaki zinatokea mara 6 kila moja. Tisa, na saba, na 36, ni 52 kamili. Kwa fomula, polinomia bainifu ya matriksi hii ni

(x − 1)² (x² − 1) (x⁸ − 1)⁶

na ukiitazama utaona ni orodha ya urefu wa mizunguko, imeandikwa kwa namna nyingine.

Mimi huvutiwa zaidi na safari ya kurudi. Tuseme umepewa hesabu ya thamani aigeni peke yake, bila kuiona pakiti. Thamani ya nyuzi 45 imo mara 6, na huletwa tu na mizunguko ambayo urefu wake unagawanyika kwa 8. Ipo 6 basi. Thamani i huletwa na mizunguko inayogawanyika kwa 4. Nayo imo mara 6, na hiyo ni ile ile sita, kwa hiyo hakuna mzunguko wa urefu wa 4. Thamani -1 imo mara 7, kumaanisha mizunguko yenye urefu shufwa ni saba, kwa hiyo mmoja zaidi, wa urefu wa 2. Thamani 1 imo mara 9, maana kila mzunguko huleta 1 moja, basi mizunguko yote ni tisa na mbili zilizobaki ni za nafasi zisizohama. Umeipata mizunguko yote.

Jumla ya thamani hizo nayo ina lake la kusema. Zile sita zilizo nje ya 1 na -1 zikijumlishwa zinafutana, kwa kuwa kila moja ina mwenzake upande wa pili wa duara. Inabaki 9 kutoa 7, ambayo ni 2: idadi ya karata zisizohama. Ukitaka uchangaji mara mbili, zidisha kila thamani kwa yenyewe. Zile 1 na -1 zote zinakuwa 1, jumla 16, i na -i zinakuwa -1, jumla 12, nyingine zinafutana. 16 kutoa 12 ni 4, nazo ni karata za nafasi 0, 51, 17 na 34.

Uchangaji wa ndani una sura nyingine kabisa. Nafasi zikihesabiwa kuanzia 1 hadi 52, kanuni ni kuzidisha kwa 2 na kutoa 53 inapobidi. Ukianzia 1 na kuendelea, unapitia nafasi zote 52 kabla ya kurudi. Ni mzunguko mmoja tu. Thamani aigeni zake ni vipeuo vyote 52 vya moja, kila kimoja mara moja, vikiwa vimepangwa kwenye duara kwa umbali wa karibu nyuzi 6.9. Jumla yao ni sifuri, na kweli hakuna karata inayobaki mahali pake.

Orodha hizi hazisemi kila kitu. Hazikuambii kwamba ni 17 na 34 zinazobadilishana. Upangaji wowote wa karata 52 wenye mizunguko ya urefu huo ungetoa orodha ile ile. Lakini zinafaa sana kwa ukaguzi. Ukiijaza matriksi kwenye kompyuta, namba kama 0.70710678+0.70710678j ni ya nyuzi 45 na iko kwenye duara. Ukiona 0 kati ya majibu, umekosea kujaza: karata mbili umezipeleka nafasi moja, na nafasi nyingine umeiacha tupu.

Kuchanga kwa mkono wa kawaida, ambako karata huangukiana bila mpango, kuna matriksi ya aina nyingine, kubwa mno, yenye uwezekano badala ya 1 na 0. Katika kielelezo ambacho Dave Bayer na Diaconis walikichunguza mwaka 1992, thamani aigeni ni 1, nusu, robo, na kuendelea hivyo. Isipokuwa 1, zote ziko ndani ya duara, na kila uchangaji unapunguza kumbukumbu ya mpangilio wa awali. Za faro ziko juu ya mstari wa duara lenyewe. Hazipungui hata ukichanga mara elfu, na kwa sababu hiyo faro kamilifu haichanganyi karata: inazizungusha tu.