PJ, Cdt, HT: kufupisha na kutofupisha katika barua pepe za Kifaransa

Katika ofisi nyingi za Lubumbashi, Goma na Bukavu, mazungumzo ya korido ni ya Kiswahili, lakini barua pepe ya kazi huandikwa kwa Kifaransa. Anayeanza kazi huko hukutana mapema na herufi mbili: PJ. Kirefu chake ni pièce jointe, yaani kiambatisho.

Mahali pa asili pa PJ ni chini ya barua rasmi, baada ya sahihi, ambapo mwandishi huorodhesha alivyoviambatisha: « PJ : devis, facture ». Mstari huo una kazi yake. Mpokeaji akisoma kwamba kuna makadirio ya bei na ankara, kisha akaona faili moja tu, anajua mara moja kuna kilichosahaulika. Hapo PJ haihitaji kuandikwa kwa kirefu. Ndani ya sentensi mambo hubadilika. Kwa mwenzako wa ofisini unaweza kuandika « le rapport est en PJ », naye asione ubaya. Kwa mteja, wizara au mkurugenzi, andika « Vous trouverez ci-joint le rapport ».

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa vifupisho vingi vya Kifaransa. Kinachotaja kitu au hesabu hufupishwa bila kumuudhi mtu. HT (hors taxes) ni bei kabla ya kodi, na TTC (toutes taxes comprises) ni bei pamoja na kodi. Hata ankara rasmi kabisa huviacha hivyo hivyo. Lakini neno la heshima likikatwa, msomaji huona heshima yenyewe imekatwa.

Chukua Monsieur. Kifupisho chake sahihi ni M. chenye nukta, kwa sababu herufi za mwisho zimeondolewa. Madame huwa Mme bila nukta, kwa kuwa herufi ya mwisho, e, imebaki. Mr, ambacho wengi hukiandika, ni cha Kiingereza. Hata hivyo, M. na Mme hutumika unapomtaja mtu wa tatu pamoja na jina lake. Unapomwandikia mwenyewe, salamu huwa kamili: « Monsieur, » au « Madame, ».

Hali ni hiyo hiyo mwishoni. Cordialement hufupishwa kuwa Cdt au Cdlt, na watu wa idara moja wanaoandikiana mara kumi kwa siku wamezoea. Kwa mtu wa nje, Cdt huonekana kama mwandishi alikuwa na haraka ya kuondoka. Zaidi ya hayo, Cdt ni kifupisho cha commandant, cheo cha kijeshi. Andika neno zima.

Kuna pia vifupisho vyenye maana zaidi ya moja. CP ni congés payés, likizo yenye malipo, lakini kwenye anwani ni code postal. AR ni accusé de réception, uthibitisho wa kupokea, ila kwa anayekata tiketi ni aller-retour, kwenda na kurudi. Msomaji akiweza kuelewa vingine, andika kirefu mara ya kwanza, weka kifupisho kwenye mabano, kisha endelea na kifupisho.

Tuseme karani wa Lubumbashi anampelekea mkurugenzi wa kampuni nyingine makadirio ya bei ya pampu, naye anaandika hivi:

« Bjr Mr le Directeur, PJ le devis. Prix : 4 000 USD HT. Merci pour l'AR ASAP. Cdt »

Bjr ni Bonjour iliyobanwa kama ujumbe wa simu. ASAP ni Kiingereza, tena husikika kama amri, na haisemi lini hasa jibu linatakiwa. HT peke yake iko mahali pake, ila mteja atataka kujua atakacholipa hasa. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Kongo ikiwa asilimia 16, jumla ni dola 4,640. Barua iliyonyooshwa inakuwa hivi:

« Monsieur le Directeur,

Vous trouverez ci-joint le devis des pompes. Le prix est de 4 000 USD HT, soit 4 640 USD TTC. Je vous remercie de bien vouloir en accuser réception avant vendredi.

Cordialement,

PJ : devis »

HT, TTC na PJ vimebaki, kwa kuwa vinataja bei na faili. Vilivyorefushwa ni vile vinavyomgusa mkurugenzi mwenyewe: salamu, ombi na kuaga. Kabla ya kutuma, pitia barua kwa kuuliza swali hilo moja tu juu ya kila kifupisho: kinataja kitu, au kinamsemesha mtu?