Lubumbashi: Karatasi ndogo kwenye rafu yamwambia mnunuzi ukweli kuhusu divai

Katika duka moja la vinywaji mjini Lubumbashi, wateja walikuwa wakirudi na malalamiko yaleyale: divai nyekundu ya bei nafuu waliyonunua ni chachu, tena imeharibika. Muuzaji alipoionja, alikuta ni nzima. Wateja walikuwa wametazamia divai tamu, lakini hiyo haikuwa na sukari.

Divai yenyewe ni Pinotage kutoka Afrika Kusini, nchi ambayo bidhaa zake nyingi hufika Lubumbashi kwa malori kupitia Kasumbalesa. Zabibu hiyo ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925, pale profesa Abraham Perold alipochanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut.

Karatasi ya kwanza iliyobandikwa kwenye rafu ilinakili maneno ya lebo: harufu ya matunda ya msituni ya Ulaya na mbao za mwerezi. Haikumsaidia mtu, maana wanunuzi wengi hawajawahi kuyaonja matunda hayo.

Muuzaji akaanza upya. Alionja na kujibu maswali manne: ina sukari? Ina ukali gani? Inakauka mdomoni? Inafaa na chakula gani? Sasa karatasi inasema hivi:

«Divai nyekundu, si tamu. Ina uchachu kidogo na harufu ya moshi. Inakausha ulimi kama chai nzito isiyo na sukari. Nzuri na mbuzi wa kuchoma au maharagwe. Iweke katika friji nusu saa kabla ya kunywa. Ukitaka tamu, tazama rafu ya chini.»

Neno «si tamu» limewekwa mwanzoni kwa sababu ndilo linalozuia hasara. Kule kukausha ulimi, yaani ukakasi, hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mafuta na nyama huupunguza, ndiyo maana mbuzi ametajwa. Pilipili nyingi haikutajwa, kwani pombe huongeza moto wake mdomoni.

Lakini karatasi ina mpaka wake. Inaeleza divai iliyo nzima, si chupa iliyokaa juani. Joto la mwezi wa kumi, ndani ya lori au dirishani mwa duka, linaweza kuipika divai. Dalili ni kizibo kilichosukumwa juu, divai iliyovuja shingoni, rangi ya kahawia au harufu kali ya siki. Harufu ya kartoni iliyolowa ni kosa jingine, mara nyingi la kizibo chenyewe. Chupa ya namna hiyo irudishwe dukani.

Divai ya bei ndogo kama hii haiongezeki uzuri kwa kuwekwa miaka mingi. Ikishafunguliwa, ifungwe tena, ikae katika friji na imalizwe ndani ya siku tatu hivi.