Zahanati Rahisi Inayokula Fedha

Tuchukue zahanati mbili za serikali katika halmashauri moja. Nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu, ila aliyewahi kukagua vituo vya afya hatazionea ugeni. Zahanati ya kwanza ilitumia shilingi milioni 60 kwa mwaka na kuandikisha mahudhurio 6,000. Ya pili iliandikisha mahudhurio yale yale 6,000, lakini ikatumia milioni 72. Gawanya, na utaona hudhurio moja kule kwa kwanza limegharimu shilingi 10,000, na kwa pili 12,000. Kwenye kikao cha halmashauri, mganga mfawidhi wa zahanati ya kwanza atapigiwa makofi. Ukaguzi wa thamani ya fedha huanza hapo makofi yanapoishia.

Ukaguzi wa hesabu wa kawaida huuliza kama fedha zilitumika kihalali na kama stakabadhi zipo. Huu mwingine huuliza fedha hizo zimemnunulia nini mwananchi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mamlaka ya kuuliza hivyo, na inataja vigezo vitatu: uwekevu, yaani kupata vitu sahihi kwa bei nafuu, ufanisi, yaani kutoa huduma nyingi kadiri inavyowezekana kwa watu na vifaa vilivyopo, na matokeo, yaani kama lengo la kutumia fedha hizo limefikiwa. Kenya nayo, katika Katiba yake ya 2010, inamtaka Mkaguzi Mkuu athibitishe kama fedha za umma zimetumika kisheria na kwa namna yenye matokeo.

Uwekevu ndio unaoonekana mwepesi, na ndio unaodanganya wengi. Mkaguzi hachukui ankara na kutafuta bei ndogo tu. Hushuka stoo na kusoma tarehe za mwisho wa matumizi kwenye makopo. Tuseme zahanati hutumia makopo mawili ya amoksilini kwa mwezi. Msambazaji mmoja anauza kopo kwa shilingi 22,000, mwingine kwa 18,000, lakini dawa ya huyu wa pili imebakiza miezi mitatu tu kuisha muda. Zahanati inanunua makopo 12 ya bei nafuu kwa shilingi 216,000. Yatatumika sita, na sita yatateketezwa. Kila kopo lililomfikia mgonjwa limegharimu shilingi 36,000, na hapo bado gharama ya kuteketeza. Kwenye karatasi, aliyenunua ameokoa fedha za serikali.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Zamani ungeweza kuilaumu halmashauri kwa kila kitu. Sasa sehemu ya uamuzi imo mikononi mwa mfawidhi na kamati ya usimamizi wa kituo, kwa hiyo na maswali huelekezwa kwao.

Kwenye ufanisi, jambo la kwanza kulijua ni mishahara. Katika zahanati zetu mbili, tuseme kila moja hulipa watumishi milioni 42 kwa mwaka, waje wagonjwa kumi kwa siku au arobaini. Ndiyo maana gharama ya hudhurio hushuka mahudhurio yanapoongezeka, hata kama hakuna aliyefanya kazi vizuri zaidi. Tena mgonjwa aliyepewa nusu dozi akarudi baada ya siku nne huandikwa mara mbili. Kitabuni, uzembe huo unasomeka kama ufanisi.

Mkaguzi mwenye uzoefu hatosheki na jumla. Anafungua rejista ya wagonjwa wa nje kwenye vitabu vya MTUHA na kuchagua mahudhurio 200 bila upendeleo, yaliyotawanyika mwaka mzima. Kila moja analifuatilia hadi maabara, hadi rejista ya kutolea dawa, hadi leja ya stoo. Swali ni moja: je, mtu huyu alipimwa inavyotakiwa, akapata dawa sahihi, dozi nzima, hapo hapo kituoni? Tuseme kwenye zahanati ya kwanza waliopata huduma kamili ni 120 kati ya 200. Wengine waliandikiwa karatasi wakanunue dukani, kwa kuwa dawa zilikuwa zimekwisha. Kwenye ya pili ni 180.

Sasa rudia kugawanya. Zahanati ya kwanza ilitoa huduma kamili kama 3,600 kwa milioni 60, yaani karibu shilingi 16,700 kila moja. Ya pili ilitoa 5,400 kwa milioni 72, yaani shilingi 13,300 hivi. Ile milioni 12 ya ziada, iliyoonekana ubadhirifu, ilikwenda kwenye dawa na vipimo. Na hatujahesabu fedha alizotoa mfukoni mgonjwa wa zahanati ya kwanza pale dukani, kwa sababu hazimo kwenye kitabu chochote cha serikali.

Malaria ndiyo huumbua haraka. Mwongozo unataka mgonjwa apimwe kwanza, kisha dawa mseto apewe aliyekutwa na vimelea. Kwa hiyo idadi ya vipimo chanya na idadi ya dozi zilizotoka stoo zinapaswa kukaribiana. Ukikuta robo moja ya mwaka ina vipimo chanya 240 na dozi 410, kuna dozi 170 za kutolewa maelezo. Usikimbilie kusema zimeibwa. Angalia kwanza tarehe. Kama vipimo vyenyewe viliisha kwa wiki tatu na dozi nyingi zilitoka katika wiki hizo, basi wagonjwa walitibiwa kwa kukisia, na kosa la kufuatilia ni la uagizaji. Kama vipimo vilikuwepo muda wote, linganisha majina kwenye rejista ya dawa na yale ya maabara. Dozi isiyo na jina ndiyo ya kumwita mtunza stoo.

Vigezo hivi pia hugombana, na hapo hekima ya mkaguzi hupimwa. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela chenye dozi kumi kikishachanganywa hakipaswi kutumika baada ya saa sita. Amekuja mtoto mmoja siku hiyo. Muuguzi akikifungua, dozi tisa huenda zikamwagwa. Akimwambia mama arudi Alhamisi watoto wakiwa wengi, upotevu wa chanjo utapungua na ripoti itapendeza. Lakini mama aliyetembea kilomita nane huenda asirudi, na lengo la kituo ni mtoto aliyekingwa. Mkaguzi anayemsifu muuguzi huyo kwa kubana matumizi ameharibu kazi yake mwenyewe, kwa maoni yangu.

Matokeo yana mpaka wake. Wagonjwa wa malaria wakipungua, huenda ni vyandarua au ni mvua kuchelewa. Kwa hiyo mkaguzi muungwana haipi zahanati sifa wala lawama ya kila kinachotokea kijijini. Hupima kile kilicho ndani ya uwezo wake: siku ambazo dawa muhimu hazikuwepo, wajawazito waliopimwa shinikizo la damu na wingi wa damu kila walipohudhuria, watoto waliokamilisha chanjo.

Kamati ya usimamizi wa kituo chako ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Mtafute mmoja wao kabla ya kikao kijacho na umwombe aulize siku ngapi katika robo iliyopita dawa mseto haikuwepo stoo. Jibu limo kwenye leja, na hahitaji kuwa mhasibu ili kulisoma.